Picha ya kuchekesha isiyo na neno: mtoto anacheka ao anauliza?

Wamama wengi wanatuuliza jambo hili tangu watoto wakubwa walipoanza kushika simu: mtoto ananitumia picha ya kuchekesha kwa WhatsApp, haandiki hata neno moja, nimjibu nini? Kuna mtoto anayetuma kwa sababu amecheka na anataka mucheke wote wawili. Kuna mwengine anayetuma kwa sababu hakuelewa, ao ameelewa nusu na ile nusu inamsumbua. Picha inaweza kuwa ile ile. Sisi walimu tunakutana na watoto wa namna hizo mbili kila juma darasani, na tungependa kuwaonyesha namna tunavyowatofautisha.

Tuanze na mzaha mwepesi. Kuna ule wa Kifaransa wa fundi wa umeme, wenye maneno « L'électricien n'est pas au courant ». Neno « courant » ni umeme, na kusema mtu yuko « au courant » ni kusema ana habari. Basi fundi wa umeme hana umeme wala habari. Ili ucheke ni lazima ushike maana zote mbili kwa mara moja. Mtoto wa miaka mitano anacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Kwenye miaka saba ao nane watoto wengi wanaanza kuelewa neno lenye maana mbili, lakini katika lugha wanayoijua vizuri. Watoto wetu hapa mashariki wanaanza masomo kwa Kiswahili, Kifaransa kinafuata. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kufumbua vitendawili vyote vya bibi yake na mzaha wa fundi umpite kabisa. Na mzaha wa Kilingala unaotoka Kinshasa unaweza kumpita hata mama yake.

Kwa picha kama hiyo, ukikosea hakuna kinachoharibika sana. Ukimweleza mtoto aliyekwisha kuelewa, utaua kicheko chake, na baada ya mara tatu ao ine hatakutumia tena. Ukicheka tu na yeye alitaka kuelezwa, atatafuta mwengine wa kumweleza. Lakini kuna picha ambapo huyo mwengine ndiye tatizo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Bukavu, muuzaji wa unga, mwenye binti wa miaka 14 aliye darasa la nane. Siku ya yenga, saa tatu ya usiku, mama yuko jikoni, binti yuko chumbani, na simu ya mama inalia. Ni picha: buletini yenye pointi nyingi, mwalimu anayetabasamu, msichana amesimama karibu yake, na juu maneno haya: « Points sexuellement transmissibles ». Binti hakuandika kitu.

Mama aliona mambo matatu. La kwanza, binti amezoea kutupa mizaha katika kikundi cha familia, wajomba na mashangazi wote waone. Hii aliituma kwa mama peke yake. La pili, picha haikuwa na ule mshale mdogo unaoonekana juu ya ujumbe uliopitishwa kutoka mtu hadi mtu. (Mishale ikiwa miwili, ujue ujumbe umekwisha kupita mikono mitano ao zaidi tangu kwa aliyeutuma kwanza.) Kukosa mshale kulionyesha kwamba binti aliiweka picha katika simu yake kwanza, halafu akaitafuta na kuituma. La tatu, na kwetu ndilo kubwa: kwa kawaida akituma mzaha anangoja kicho cha kucheka, kisha anatuma mwengine. Safari hii alinyamaza, halafu akaja jikoni kuosha sahani iliyokuwa safi.

Hakuna hata alama moja kati ya hizo inayotosha kuwa ushuhuda. Kuna mtoto anayetuma kwa mama peke yake kwa sababu mzaha ni wa wanawake tu. Ndiyo maana inafaa kuuliza, na hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Wanauliza: « Unaelewa hii? » Mwalimu yeyote atakuambia kwamba ukiuliza darasa zima kama wameelewa, wote wanaitika ndiyo. Wengine wanauliza: « Nani amekutumia hii? » Hilo ni swali la polisi, na jibu lake ni kufuta picha.

Yule mama aliandika: « Nimeiona. Kinachochekesha hapo ni nini? » Swali hili linafaa kwa watoto wote wawili. Aliyetaka kucheka tu atakuonyesha kicheko kiko wapi, tena kwa furaha, na mambo yatakwisha hapo. Anayetafuta maelezo hawezi kuonyesha. Binti alijibu: « Sijui. Wengine wanacheka tu. »

Mama alimweleza maneno kwanza, bila haraka. Kuna magonjwa ya zinaa ambayo kwa Kifaransa yanaitwa « maladies sexuellement transmissibles ». Aliyetunga mzaha aliondoa magonjwa akaweka pointi. Anataka kusema kwamba kuna msichana anayepata pointi kwa kulala na mwalimu. Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza: « Sasa mbona wamenitumia mimi? »

Swali lenyewe lilikuwa hilo. Alikuwa amepata 17 juu ya 20 katika hesabu, na mwenzake aliweka picha ile katika kikundi cha darasa, chini ya jina lake. Maana ya maneno hakuijua yote. Alichojua ni kwamba wanamcheka yeye.

Kutoka hapo mama alikuwa na kazi ya kupambanua mara nyingine: je, ni wivu wa pointi tu, ao kuna mwalimu anayeomba kitu? Aliuliza waziwazi kama kuna mwalimu aliyewahi kumwita peke yake ao kumwahidi pointi. Jibu lilikuwa hapana, na lilikuja haraka, huku binti akimtazama machoni. Hata hivyo hakufuta picha. Aliiacha katika simu pamoja na tarehe yake, na kesho yake akaenda kumwona prefe wa masomo juu ya kikundi kile. Kama jibu lingekuwa ndiyo, jambo lingekuwa jingine kabisa: sheria ya 20 julai 2006 inahesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa kosa la jinai, na kwa asiyefika miaka 18 hakuna kusema kwamba alikubali.

Tuongeze neno juu yetu wenyewe. Mama anayevaa kikwembe chenye jina la kumchokoza mke mwenza haongezi maneno, na jirani anaelewa. Sisi tulilelewa katika kusema bila kusema, basi tusishangae mtoto akifanya hivyo kwa simu. Hata katika vikundi vyetu vya likelemba kuna mama anayetuma mzaha wa mume anayepiga mke, wenzake wanajibu kwa vichwa vya kucheka, na yeye hajibu tena siku nzima. Mkiona hivyo, mmoja wenu amwandikie pembeni, nje ya kikundi, akimwuliza tu mzaha ule ameutoa wapi na yeye mwenyewe ameuonaje.