Kushuka Lushoto kwa Gari la Umeme: Uniti Ngapi Hurudi?

Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo, pale barabara ya milimani inapokutana na barabara kuu iendayo Arusha, iko mita 400 na kitu. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita kama 33 za kona, na sehemu kubwa ya mteremko iko baada ya kupita Soni. Dereva wa gari la petroli anajua namna ya kuishuka: gia ndogo, mguu karibu na breki, na wasiwasi kidogo akianza kunusa pedi zinaungua. Mafuta aliyoyachoma kupandisha gari lake mlimani sasa yanageuka joto kwenye disiki za breki na kupeperushwa na upepo wa bondeni.

Gari la umeme hushuka kwa namna nyingine. Wakati likishuka huchaji betri yake. Hapo ndipo maneno yanapoanza, maana kuna wanaosema ukifika Mombo betri imejaa, na kuna wanaosema habari hiyo ni ya wauza magari tu. Wote wawili wanaweza kujibiwa kwa hesabu ya shule.

Kwanza tuone jambo lenyewe linavyotokea. Mota ya gari la umeme ina sehemu mbili kubwa: koili za waya zilizotulia, na sehemu ya sumaku inayozunguka katikati yake. Ukipeleka umeme kwenye koili, sumaku inazunguka na kusukuma magurudumu. Ukiacha kupeleka umeme, na magurudumu ndiyo yakawa yanaizungusha ile sumaku, koili zinaanza kutoa umeme badala ya kuula. Mota ni ileile, imegeuziwa kazi tu. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo usiku anaujua upande wa pili wa jambo hili: taa ikiwaka, pedali zinakuwa nzito. Uzito huo ndio breki. Kadiri mota inavyotakiwa kutoa umeme mwingi, ndivyo inavyokataa kuzungushwa, na gari linapunguza mwendo bila pedi kugusa disiki.

Anayeamua mota ifanye kazi ipi ni inveta, kisanduku kilichopo kati ya mota na betri. Dereva akiachia eksileta, au akigusa breki taratibu, inveta huubadili umeme unaotoka kwenye mota uwe wa aina inayokubalika na betri, kisha kuusukuma humo. Gari likiwa karibu kusimama, mwendo wa mtu anayetembea, mota haina tena umeme wa maana wa kurudisha, na kwa magari mengi breki za kawaida humalizia kazi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, breki hizo pia huingia, na chochote kinachopita kwenye pedi hakirudi tena.

Sasa tushuke. Chukua gari la ukubwa wa kawaida ambalo pamoja na abiria na mizigo lina kilo 2,000. Kulishusha mita 1,000 kunatoa nishati ya takriban uniti 5.4, na uniti hapa ni ileile tunayonunua kwa LUKU, yaani kilowati-saa moja. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mlima unaweza kutoa kwa gari hilo, hata liwe limeundwa kwa ustadi gani. Anayekwambia alipata uniti kumi kwa gari dogo kwenye mteremko huo amekosea kusoma kioo.

Katika hizo 5.4, matairi yanachukua fungu lao kwanza. Tairi linalobingirika hubonyea na kurudi, na kila kubonyea kunapoteza nishati. Kwa kilomita 33 kwenye lami, na tairi zenye upepo wa kutosha, ni karibu uniti 1.8. Hewa inayosukumwa mbele ya gari inachukua uniti 0.4 ukienda mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Zinabaki uniti 3.2 kwenye magurudumu, tayari kuchukuliwa na mota. Gia, mota, inveta, nyaya na betri yenyewe hula asilimia 15 hivi kwa joto, kwa hiyo zinazoingia ni 2.7. Ondoa taa, feni, vioo na kompyuta za gari kwa safari ya karibu saa nzima, utafika Mombo ukiwa na uniti 2.3 zaidi ya zile ulizotoka nazo.

Kwa betri ya uniti 60, hiyo ni asilimia 4. Ulitoka na asilimia 60, umefika na 64. Kwa gari linalotumia uniti 15 kwa kila kilomita 100, umepata kilomita kama 15 za bure kwenye tambarare.

Mtu atasema ni kidogo, na kwamba zaidi ya nusu imepotea njiani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Zile uniti 2.2 za matairi na hewa ndizo zilizokufikisha Mombo. Barabara ingekuwa tambarare, betri ndiyo ingezitoa. Kilichopotea hasa ni ile asilimia 15 ya kuugeuza mwendo kuwa umeme, kiasi cha nusu uniti.

Ndiyo maana napenda hesabu ya kwenda na kurudi kuliko hiyo asilimia ya kwenye kioo. Kupanda kutoka Mombo kwa gari lilelile kunahitaji uniti 5.4 za kulinyanyua na 2.2 za matairi na hewa. Ukiongeza hasara ya mota, taa na vinginevyo, betri inatoa kama uniti 9. Ukirudi zinaingia 2.3. Safari nzima ya kilomita 66 imekula uniti 6.7 hivi. Umbali huohuo kwenye tambarare, kwa mwendo uleule, ungekula karibu 5.8. Mlima mzima wa mita 1,000, kupanda na kushuka, umekugharimu takriban uniti moja. Gari la petroli linalipa gharama yote ya kupanda, na likishuka halirudishiwi hata tone.

Mteremko wowote hautoshi, hata hivyo. Lazima uwe mkali kiasi cha kushinda matairi na hewa kabla chochote hakijabaki kwa ajili ya betri. Kwa gari letu, ukienda kilomita 40 kwa saa, barabara inatakiwa kushuka angalau mita 12 kwa kila kilomita. Ukienda 80, inatakiwa mita 19. Ukienda 100, mita 25, kwa sababu upinzani wa hewa hukua haraka sana kuliko mwendo. Wastani wa Lushoto hadi Mombo ni mita 30 kwa kilomita. Anayeishuka polepole anarudishiwa zaidi ya anayekimbia, na anayekimbia atalazimika pia kufunga breki ghafla kwenye kona, akiichoma ile akiba kwenye pedi.

Linganisha na Nairobi hadi Mombasa. Unashuka takriban mita 1,700, zaidi sana kuliko Lushoto, lakini kwa kilomita kama 480. Hiyo ni mita tatu na nusu tu kwa kilomita. Mteremko huo wote una thamani ya uniti 9 kwa gari letu, na karibu zote huishia kupunguza matumizi njiani. Ukiacha vipande vichache vya mteremko mkali, kioo hakitapanda. Kitashuka polepole kuliko kawaida. Faida ipo, ila haionekani kama umeme unaorudi.

Kuna hali moja ambayo hurudishiwi chochote, nayo humkuta hasa anayelala mlimani. Umeichaji gari usiku kucha nyumba ya wageni, asubuhi betri ina asilimia 100, unaanza kushuka. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme. Ukiilazimisha, lithiamu huanza kujikusanya kama madini juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na betri huharibika. Kwa hiyo kompyuta ya gari inaukataa umeme. Dalili ni rahisi: ukiachia eksileta gari linateleza tu kana kwamba liko huru, na ile alama ya kijani ya kuchaji haisogei, au kioo kinakuonya kwamba nguvu ya kurudisha umeme imepungua. Magari mengine huingiza breki za kawaida yenyewe bila wewe kuhisi tofauti, na hayo yanataka uangalifu zaidi, kwa kuwa pedi zinafanya kazi yote bila wewe kujua. Betri yenye baridi kali, kama asubuhi za Julai huko Usambara, nayo hupokea kidogo mpaka ipate joto. Dawa ya kujaa ni kuacha kuchaji kwenye asilimia 90. Nafasi ya uniti 6 inatosha kupokea mteremko wote na kubaki.

Wenye haibridi, na ziko nyingi barabarani kwetu, wasijidanganye kwamba hesabu hii ni yao. Betri ya Prius ya zamani ni uniti 1.3 tu kwa jumla, na gari linatumia sehemu yake ya katikati. Chini ya Soni inajaa mapema. Baada ya hapo mota haina msaada mkubwa, na hapo ndipo ile herufi B kwenye gia inapofaa: injini yenyewe inatumika kuzuia mwendo, kelele inaongezeka, pedi zinapumzika.

Anayeweza kufaidi zaidi mteremko huu labda si mwenye gari dogo. Malori ya Lushoto hupanda mepesi na kushuka yamejaa kabichi, nyanya na matunda. Chukua lori la umeme lenye tani 4 likiwa tupu na tani 8 likiwa limebeba. Kulipandisha tupu kunataka kama uniti 19. Likishuka na mzigo, mvuto unafanya kazi kwenye uzito mara mbili, na zinarudi kama uniti 10. Zaidi ya nusu.

Uswisi wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Kwenye machimbo ya mawe ya saruji karibu na Biel, lori la Komatsu lililobadilishwa kuwa la umeme, lenye betri ya uniti 600, hupanda likiwa na tani 45 na kushuka na mzigo wa tani 65 juu yake. Barabara yake inashuka mita 130 kwa kila kilomita, hivyo matairi na hewa hula fungu dogo tu, na umeme unaoingia wakati wa kushuka unaweza kuzidi ule uliotumika kupanda. Lori letu la kabichi halifiki huko, kwa sababu barabara ya Lushoto ina ulaini wa mita 30 tu kwa kilomita na matairi yana muda mrefu wa kujichukulia chao. Ziada ingeanza kuonekana kama lingeshuka na mzigo mzito zaidi kwa njia fupi na kali, ambayo hakuna dereva wa kabichi angekubali kuipita.