Barua ya Posa Iliyokaa Kabatini Miezi Saba

Mshenga alikuja Jumapili baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri. Alikunywa juisi, akazungumza habari za mvua na foleni ya Mbagala, ndipo akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe. "Tumepita njia, tumeona ua katika bustani yenu," akasema. Dada yangu akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nikainuka kwenda jikoni kumpa mpwa wangu habari njema. Nilimkuta ameegemea sinki, mikono imejaa povu la sabuni, anatetemeka kama mwenye homa.

"Mama mdogo, warudishieni," akaniambia. "Siwezi."

Alikuwa na miaka 29. Na kijana yule walikuwa pamoja miaka mitatu, wakipendana bila vurugu, tena yeye mwenyewe ndiye aliyemwelekeza mshenga njia ya kufika kwetu Tandika. Wiki nzima alikuwa akiisubiri barua ile kwa furaha. Ilipofika, ikamtisha. Ikawekwa kabatini, chini ya mashuka, ikakaa humo miezi saba bila kujibiwa ndiyo wala hapana.

Watu walisema mengi: ana mwingine, anaringa, karogwa. Mimi niliyemlea tangu akiwa na miaka 12 nilijua pa kutazama. Mwaka ule ndio wazazi wake walioachana. Anachokikumbuka zaidi ni kirikuu kilichokuja asubuhi kubeba kabati la vyombo, na alama nyeupe ya mstatili iliyobaki sakafuni pale kabati lilipokuwa. Baada ya hapo akawa tarishi. Mama anamwambia, "Mwambie baba yako ada haijalipwa." Baba anamjibu, "Mwambie mama yako auze alivyochukua." Kila ujumbe ulipita kwenye kinywa cha mtoto, naye akajifunza kupunguza makali ya maneno kabla ya kuyafikisha.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto wa talaka yake ni ngumu zaidi, maana hakuumwa yeye. Alimwona mama yake akiumwa, na hakuona nyoka alitokea wapi.

Jambo linalowachanganya wengi ni muda. Mtoto huyu alimaliza shule vizuri, akapata kazi, akacheka na wenzake, na familia tukaamini yamepita. Mtafiti wa Marekani, Judith Wallerstein, alikutana na hali hiyohiyo. Kuanzia mwaka 1971 alifuatilia watoto 131 wa familia 60 zilizoachana katika Kaunti ya Marin, California, na akaendelea kukutana nao kwa miaka 25. Alitarajia kuona maumivu yakipungua kadiri watoto wanavyokua. Badala yake akaona kwamba kwa wengi kishindo kikubwa kilikuja utu uzimani, pale mapenzi yalipoanza kuelekea kwenye ndoa. Hofu ilikuwa imelala miaka yote hiyo kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuiamsha.

Utafiti huo ulikosolewa, na kwa haki. Familia 60 ni chache, zote za eneo moja lenye watu wa hali nzuri, na mwanzoni hapakuwa na kundi la watoto wa ndoa zilizodumu la kulinganisha nao. Mtafiti mwingine, Mavis Hetherington wa Chuo Kikuu cha Virginia, alifuatilia familia nyingi zaidi. Yeye aliona kwamba kama watoto 25 kati ya kila 100 wa talaka walikuwa na matatizo mazito walipokua, wakati kwa watoto ambao wazazi wao hawakuachana walikuwa kama 10. Tofauti ni kubwa, lakini hesabu hiyohiyo inasema 75 hawakuwa na matatizo hayo. Kwa hiyo talaka ya wazazi haimfungi mtoto hatima. Inamwachia king'ora, na king'ora hicho hulia kwenye hatua fulani.

Kwetu sisi hatua yenyewe ina jina na bahasha. Watu wawili wanaweza kupendana miaka kwa siri yao, lakini barua ya posa inawaingiza wazee. Na kwa binti ambaye wazazi wake wameachana, wazee hao ni walewale waliovunja nyumba. Barua ilipokelewa kwa mama, lakini walii wa binti ni baba, naye yuko Kibaha na hawajasemeshana na mama miaka 17. Nani atampigia simu? Siku ya ndoa nani atakaa wapi? Mpwa wangu alipoiona bahasha ile, aliona utarishi umerudi. Alikuwa na miaka 29 lakini tumbo lake lilikuwa na miaka 12.

Wiki iliyofuata king'ora kilianza kutafuta sababu. Ghafla mchumba anakula kwa sauti. Anachelewa kujibu ujumbe. Anampenda mama yake kupita kiasi. Siku moja nilichukua daftari, nikamwambia aandike kasoro zote, na mbele ya kila moja aandike mwezi alioanza kuiona. Zilikuwa kasoro 11. Tisa zilianza baada ya barua. Mbili za zamani zilikuwa uvivu wa kupiga pasi na kushabikia mpira mno, mambo ambayo miaka mitatu alikuwa akiyacheka.

Zoezi hilo ni la kawaida lakini lina maana kubwa, kwa sababu si kila hofu ni ya kupuuzwa. Mwanamume anayepiga, anayedanganya kuhusu fedha, anayeficha ndugu zake au anayetaka umfiche rafiki zako, huyo dalili zake zilikuwepo kabla ya barua, na ndugu na marafiki nao waliziona. Hapo kukimbia ni akili. Hofu iliyorithiwa hutambulika kwa namna nyingine: inapanda mambo yanapokuwa mazuri na inatulia mkigombana. Mpwa wangu alikiri kwamba siku walizonuniana alilala usingizi mzuri. Ugomvi aliuzoea. Utulivu ndio uliokuwa unamtisha.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Tunaamini kwamba talaka mbaya kwa mtoto ni ile ya kelele na vipigo. Inaumiza kweli, wala sitaki mtu abaki kwenye kipigo kwa kisingizio cha watoto. Lakini mwaka 2001, Paul Amato na mwenzake Danelle DeBoer walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanandoa wa Marekani pamoja na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima. Watoto ambao ndoa zao wenyewe zilikuwa hatarini zaidi kuvunjika walikuwa wale ambao wazazi wao waliachana bila ugomvi mkubwa uliotangulia. Ukitafakari, ni wazi. Mtoto aliyeona vita anajua kilichovunja nyumba ni vita. Mtoto aliyeona amani, kisha asubuhi moja kirikuu mlangoni, anajifunza kwamba amani si ushahidi wa chochote.

Nyumba ya dada yangu ilikuwa ya amani. Hakuna aliyemweleza mtoto kilichotokea, kwa nia njema ya kumlinda, na heshima ya wazazi ikamzuia kuuliza. Mwezi wa tano barua ikiwa bado chini ya mashuka, nilimwomba dada aseme. Walikaa mkekani uani, mama anachambua mchele, macho yake kwenye ungo. Akasema baba alikuwa na nyumba nyingine Morogoro. Akasema yeye alijua miaka minne kabla ya kuondoka, na kwamba walikwenda baraza la usuluhishi mara tatu. Hakumtukana baba. Alieleza tu mambo jinsi yalivyofuatana, kisha akaendelea kuchambua.

Mpwa wangu alilia, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Kumbe haikuwa ghafla." Miaka 17 alikuwa akiamini kwamba ndoa inaweza kufa usiku mmoja bila dalili, na kwamba hata yeye akiwa makini vipi, hataona kitu. Sasa akajua kulikuwa na dalili za miaka minne, watu wazima walizijua, na yeye akiwa mtu mzima ataweza kuziona zikija. Hofu haikuisha siku ile. Ila tangu hapo alijua anaogopa nini.

Katika miezi ile alimpa mchumba wake pendekezo ambalo vijana wengi wa mjini hulitumia: sogea tukae. Wapange chumba, waishi, mambo ya barua yasubiri. Alidhani hiyo ndiyo njia ya kupenda bila kujifunga. Kijana alikataa, na naona alifanya vyema, maana sogea tukae inakufunga bila wewe kuamua. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ya kutambulika kama mume na mke, panakuwa na dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa na kushindwa, mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto. Mtu aliyekimbia ahadi kwa kuogopa kesi ya talaka anaweza kujikuta mahakamani kwa ndoa ambayo hakuwahi kuitamka.

Kilichomsaidia mpwa wangu kilikuwa tarehe. Kusubiri kusikokuwa na mwisho ndiko kulikokuwa kunailisha hofu. Alimwita mchumba wake, akamwambia waziwazi kwamba akianza kumtafutia kasoro ghafla, aulize kwanza ni hatua gani imekaribia. Kisha akampa siku: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba jibu litatoka, ndiyo au hapana. Nami nikabeba mzigo ambao haukuwa wake. Nilimpigia simu shemeji yangu wa zamani kule Kibaha, nikamwambia barua ya mwanawe ipo, na mtoto hatatumwa tena na mtu yeyote. Alinyamaza kitambo, akasema atakuja yeye mwenyewe.

Jibu lilitoka siku hiyohiyo aliyoahidi, na lilikuwa ndiyo. Baba na mama walikaa sebule moja, viti mbalimbali, wakajibu posa. Mkono wa mpwa wangu ulitetemeka alipoleta sinia ya vikombe, na hakuna aliyejifanya hakuona.

Kama nawe umeachana na mzazi mwenzako, na mtoto wako amekua, usingoje barua ya posa ifike ndipo ufungue kinywa. Mkalishe, umweleze kilichotokea kwa mpangilio wake, bila kumchafua mwenzako. Na ukiwa na neno kwa mwenzako, mpigie simu mwenyewe.