Ukinunua hisa, umenunua nini?

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni ya Safaricom, na wananchi wakauziwa kwa shilingi 5 kila hisa. Watu walijipanga foleni, wengine wakakopa benki ili wasipitwe. Pesa zile zilikwenda kwa Serikali iliyokuwa inauza, si kwa kampuni.

Safaricom ina hisa bilioni 40 na ushei. Mwenye hisa 1,000 ni mmoja wa wenye kampuni, ingawa hawezi kwenda kung'oa mnara wa simu akidai ni wake. Alicho nacho ni haki ya kupata mgao wa faida unapotangazwa, kupiga kura katika mkutano mkuu, na kugawiwa kitakachobaki, kama kipo, ikiwa kampuni itavunjwa na madeni yote kulipwa. Hisa si mkopo. Kampuni haikuahidi kumrudishia shilingi zake. Akizitaka, lazima ampate mtu wa kumuuzia.

Hapo ndipo bei inapozaliwa. Tuseme muuzaji anataka shilingi 15.20, na mnunuzi amefika 15.00. Hakuna biashara mpaka mmoja alegeze. Muuzaji akikubali 15.00, hiyo ndiyo bei utakayoisikia redioni, hata kama zimeuzwa hisa chache tu na mabilioni mengine hayakuguswa.

Kwa hiyo bei inaweza kushuka kampuni ikiwa bado inapata faida. Mwaka ule ule wa 2008, hisa bilioni 10 zilikuwa zimemwagwa sokoni kwa mpigo, na waliokopa walihitaji kuuza walipe madeni. Msukosuko wa fedha duniani ukaongeza wauzaji. Bei ikaanguka chini ya zile shilingi 5, huku M-Pesa ikizidi kuenea vijijini.

Kisa cha pili kinafundisha zaidi. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikateremka chini ya 15. Mgao wa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023 ulikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Aliyenunua kwa 40 alipata shilingi 3 kwa kila 100 alizoweka. Aliyenunua kwa 15 alipata 8. Mwishoni mwa 2023 hati za Serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Mwenye pesa alikuwa na sababu gani ya kung'ang'ania 3? Isitoshe, gharama za kuanzisha huduma Ethiopia zilikuwa zinakula faida, na wanunuzi hupima faida ya kesho kuliko ya jana.

Kabla hujampa dalali pesa zako, fungua ripoti ya mwaka ya kampuni utafute faida kwa kila hisa na mgao uliolipwa. Gawanya mgao huo kwa bei ya leo, kisha ulinganishe na riba ya hati za Serikali.