Picha ya Wanyange kwa Anayesikiliza

Anayeingia Jinja kutoka Mbale kwa njia ya Iganga hukipita kilima cha Wanyange kabla ya kufika mjini, na kutoka juu yake Ziwa Viktoria huonekana likitanda upande wa kusini. Mwenye nyumba ya wageni pale juu akitengeneza tovuti, picha ya kwanza atakayoiweka tunaijua: kibaraza, viti viwili, na ziwa nyuma yake. Tuichukue picha hiyo, hata kama nyumba yenyewe ni ya mfano tu, tuone msomaji asiyeona ataipata vipi.

Msomaji huyo hutumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta au simu. Kwenye Windows wengi hutumia NVDA, ambayo hailipiwi, au JAWS. Simu za Android zina TalkBack na iPhone zina VoiceOver. Programu hizi hupita ukurasani kwa mfuatano, na zikifika kwenye picha hutafuta maandishi mbadala ambayo mtengenezaji ameyaweka ndani ya msimbo:

```html
<img src="IMG_2041.jpg" alt="Kibaraza chenye viti viwili, kinachotazama Ziwa Viktoria">
```

Hayo maneno ndani ya `alt` hayaonekani kwa mtazamaji wa kawaida, isipokuwa picha ikishindwa kufunguka, jambo ambalo mtu wa bando dogo analijua vizuri. Yasipowekwa kabisa, matokeo hutegemea programu. Nyingine huiruka picha, nyingine hutangaza tu kwamba pana picha, na kama picha ni kiungo, msikilizaji huenda akasomewa jina la faili: "IMG 2041", au mlolongo mrefu zaidi wa herufi na tarakimu.

Watu wengi wakiambiwa waandike maelezo hukimbilia kueleza kila wanachokiona: mawingu, rangi ya mito ya viti, kikombe kilichosahauliwa mezani. Wengine huandika "mandhari ya kuvutia", maneno ambayo hayaonyeshi chochote. Kilichosahaulika katika hali zote mbili ni kwamba picha imewekwa pale kwa sababu fulani, na maandishi mbadala yanatakiwa yafanye kazi ileile. Njia ya kuipata sababu hiyo ni rahisi. Msomee rafiki ukurasa wako kwa simu, mstari kwa mstari. Ukifika kwenye picha, utamwambia nini ili aendelee kukufuata? Maneno yatakayokutoka hapo kwa kawaida ndiyo yenyewe, na mara nyingi ni sentensi moja.

Ndiyo maana picha moja ya Wanyange inaweza kuhitaji maneno tofauti kila inapohamia. Kwenye ukurasa wa kuagiza vyumba, mgeni anataka kujua anachokilipia: "Kibaraza cha chumba cha ghorofani, chenye viti viwili, kinachotazama Ziwa Viktoria". Ikihamia kwenye makala ya fundi aliyekijenga kibaraza, ziwa halina kazi tena: "Kibaraza cha sakafu ya mbao, kimezungushiwa ukuta mfupi wa matofali". Na ikiwekwa nyuma ya kichwa cha ukurasa wa mawasiliano, kwa urembo tu, haisemi lolote ambalo msomaji atalikosa. Hapo unaandika `alt=""`, alama mbili za nukuu bila kitu katikati, na kisoma skrini huipita kimya. Kuna wanaodhani ukimya huo ni uvivu. Mimi nauona ni adabu: mtu anayetafuta namba ya simu hana haja ya kusikilizishwa ziwa kwanza.

Usianze na "Picha ya", kwa sababu programu yenyewe imeshatangaza kwamba hapa pana picha. Usirudie pia maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, maana msikilizaji atayasikia mara mbili. Utasikia wakisema maelezo yasizidi herufi 125, lakini WCAG, kanuni za kimataifa za tovuti zinazofikika, haziweki idadi hiyo. Sababu ya kufupisha ni nyingine: ndani ya `alt` huwezi kuweka aya, vichwa vya habari wala orodha, kwa hiyo maelezo marefu hufika kama mkondo mmoja usio na pa kupumzikia. Kinachohitaji aya tatu kiandikwe ukurasani, kila mtu akisome.

Vivyo hivyo kwa jambo lolote zito. Ikiwa picha inaonyesha ngazi zisizo na kishikizo kuelekea vyumbani, usiifiche habari hiyo ndani ya `alt`. Anayetumia kiti cha magurudumu huenda anaona vizuri na hatumii kisoma skrini, na ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Alama ndogo zenye viungo zina hesabu yake. Kile kidude cha kijani cha WhatsApp kikiandikiwa "duara la kijani lenye simu", msikilizaji amepewa umbo na kunyimwa kazi. Andika `alt="Tuandikie WhatsApp"`. Nembo inayomrudisha mtu mwanzo iitwe kwa jina la mahali inakompeleka.

Tatizo kubwa kwetu, nionavyo, ni bango. Bei za vyumba, ratiba ya basi la Mbale, tangazo la mkutano wa wazazi: vyote hutengenezwa kama picha moja, hutumwa WhatsApp, kisha picha ileile hupandishwa kwenye tovuti. Kwa kisoma skrini maneno yaliyochorwa ndani ya picha kwa kawaida ni kama hayapo. Kuandika `alt="Bango la bei"` hakusaidii, kwa sababu mgeni alikuja kwa ajili ya bei zenyewe, na kuzisukuma bei kumi na mbili ndani ya `alt` kunamlazimisha azisikilize zote kwa mkupuo. Ziandike ukurasani kama jedwali la kweli, ambamo kisoma skrini kinaweza kwenda safu kwa safu. Bango likibaki kando yake, `alt=""` inalitosha, maana maneno yake sasa yapo.

Kuna kasoro nyingine ambayo mwenye tovuti haioni kamwe kwa macho. Kisoma skrini huchagua matamshi kwa kutazama lugha iliyotajwa kwenye msimbo, na violezo vingi vya tovuti huja vimeandikwa `lang="en"`. Maelezo yako ya Kiswahili, hata yakiwa safi, yatatamkwa kwa kanuni za Kiingereza, na "chumba cha ghorofani" kitatoka kikiwa hakieleweki. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inakijua Kiswahili, ila lazima iambiwe. Ukurasa wote ukiwa wa Kiswahili, weka `lang="sw"` kwenye lebo ya `html`. Ukurasa ukiwa wa Kiingereza na picha moja tu ndiyo yenye maelezo ya Kiswahili, weka alama hiyo kwenye picha yenyewe:

```html
<img lang="sw" src="kibaraza.jpg" alt="Kibaraza kinachotazama Ziwa Viktoria">
```

Kukagua kazi hakuhitaji fedha. Sakinisha NVDA, fungua ukurasa wako, kisha bonyeza herufi G: kila mbonyezo utakupeleka kwenye picha inayofuata na kukusomea maelezo yake. Picha za urembo hazitajitokeza. Ikijitokeza moja, au ukisikia jina la faili, hapo ndipo pa kurekebisha. Ukimaliza zima skrini, anza juu, na ujaribu kuagiza chumba kwa kusikiliza tu. Bora zaidi mlipe mtumiaji halisi wa kisoma skrini afanye hivyo huku ukikaa pembeni bila kumsaidia, kwa sababu wewe picha zako unazijua kwa moyo na utajaza mapengo bila kujua.