Vali Bandia ya Moyo na Kung'oa Jino: Nani Hasa Anahitaji Dawa ya Kinga?

Tuchukue mfano wa mama mmoja, mkulima wa mboga wa Nyandira, huko Mgeta katika milima ya Uluguru. Miaka sita iliyopita aliwekewa vali bandia ya moyo, kwa kuwa vali yake ya asili ilikuwa imeharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Tangu hapo humeza wafarini kila siku ili damu isigande kwenye vali hiyo. Sasa gego lake limeoza na halina budi kung'olewa. Akikumbuka kwamba alionywa asiguswe jino bila dawa, alinunua amoksisilini katika duka la dawa muhimu, akameza kapsuli mbili mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu, kisha akateremka Morogoro mjini alfajiri. Alifuatana na mtoto wa dada yake, kijana mwenye vali inayovuja lakini ambaye hajafanyiwa upasuaji. Yeye pia alikuwa amemeza kapsuli hizo, akiamini kwamba ugonjwa wao ni mmoja.

Mama huyu alikuwa na haki ya kuogopa. Kinywani mwa kila mtu huishi bakteria wengi, wakiwamo wa jamii ya streptokoka. Fizi inapojeruhiwa, baadhi yao huingia katika damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, kinga ya mwili huwaondoa kwa muda mfupi. Lakini vali bandia haina utando hai wa kujilinda kama ule wa moyo wenyewe, na bakteria wakijishikiza hapo hujenga vichaka ambavyo dawa hupenya kwa taabu. Maambukizi hayo ya utando wa ndani wa moyo huitwa endokaditi. Yakimpata mwenye vali bandia, huenda akahitaji kulazwa kwa wiki sita au zaidi akidungwa dawa, pengine na upasuaji wa pili, na wengi hupoteza maisha.

Hata hivyo, bakteria hawangoji siku ya kung'oa jino. Huingia katika damu pia tunapopiga mswaki na tunapotafuna, hasa fizi zikiwa zimevimba. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 Chama cha Moyo cha Marekani, kilichokuwa kimependekeza dawa ya kinga tangu mwaka 1955, kilipunguza sana orodha ya wanaostahili kupewa. Waliobaki ni wale ambao endokaditi ikiwapata huwaletea madhara makubwa kuliko wengine: wenye vali bandia au vali iliyokarabatiwa kwa vifaa bandia, waliowahi kuugua endokaditi, wenye baadhi ya kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, hasa zile zinazoufanya mwili kuwa wa buluu na hazijarekebishwa, na waliopandikizwa moyo ambao vali yake imepata hitilafu.

Kwa mwongozo huo mama anahitaji dawa, lakini kijana hahitaji. Hapa ndipo wengi hutatizika, maana kijana huyo hudungwa penisilini ya benzathini kila mwezi. Sindano hiyo ina kazi nyingine: humkinga na koo la streptokoka lisije likarudisha homa ya baridi yabisi na kuiharibu vali zaidi. Asiiache kamwe, lakini asidhani kwamba ndiyo kinga ya siku ya jino. Ni kweli kwamba nchi kama New Zealand huwajumuisha pia wagonjwa wa aina yake. Basi ni vema amuulize daktari wake wa moyo, wala asijiamulie dukani.

Si kila kazi ya meno inayodai kinga. Anayestahili hupewa dawa iwapo fizi itaguswa, ncha ya mzizi wa jino itafikiwa, au ngozi laini ya kinywa itatobolewa: kung'oa jino, kukwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi, au kupasua jipu. Haihitajiki kwa picha ya eksirei, kwa sindano ya ganzi inayopita mahali pasipo na maambukizi, kwa kupimwa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, wala kwa jino la utoto linalodondoka lenyewe.

Kiasi cha dawa nacho ni rahisi kukumbuka. Mtu mzima humeza gramu 2 za amoksisilini mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi kuanza. Kwa kapsuli za miligramu 250, hizo ni kapsuli nane kwa mkupuo mmoja. Lengo ni dawa ijae katika damu saa ile ile fizi inapojeruhiwa. Kapsuli mbili zilizomezwa Nyandira jogoo akiwika haziwezi kufanya kazi hiyo saa tano asubuhi mjini. Anayetoka mbali abebe dawa yake na kuimeza kliniki, zamu yake inapokaribia. Ikisahaulika, bado yaweza kumezwa ndani ya saa mbili baada ya kazi. Asiyepatana na penisilini aseme mapema, ili apangiwe dawa nyingine, kwa mfano azithromaisini miligramu 500.

Siku tatu za kapsuli dukani zilimletea mama tatizo jingine. Mtu akishaanza kutumia amoksisilini, bakteria wanaobaki kinywani ni wale wanaoistahimili, na gramu 2 za dawa ile ile hazitegemewi tena. Daktari wa meno anabaki na njia mbili: kutumia dawa ya jamii nyingine, au kungoja walau siku 10 tangu kapsuli ya mwisho. Kwa kuwa shavu halikuvimba wala hakuwa na homa, daktari alichagua kungoja. Tena hakukuwa na kipimo cha karibuni cha INR, kinachoonyesha nguvu ya wafarini.

Mama aliporudi, INR ilikuwa 2.9, kiwango kinachofaa kwa vali yake na kinachoruhusu kung'oa jino moja. Wafarini haikusimamishwa, kwa sababu damu ikiganda kwenye vali, hatari yake ni kubwa kuliko ile ya fizi kutoka damu. Alimeza kapsuli nane mbele ya muuguzi, akaitwa baada ya dakika 45. Jino liling'olewa, tundu likashonwa, naye akauma pamba hadi damu ilipokoma. Hakupewa dawa ya kuendelea nayo nyumbani, kwani dozi moja yatosha. Metronidazo, ambayo wengi huandikiwa baada ya kung'olewa jino, ingeongeza nguvu ya wafarini na kumtoa damu. Kwa maumivu alipewa parasetamoli, si diklofenaki.

Kinga hii hupunguza hatari, haiifuti. Mwenye vali bandia akipata homa isiyokoma, jasho la usiku, kukonda au kuhema kwa shida katika wiki zinazofuata, apimwe malaria, lakini asiishie hapo. Aonyeshe kadi yake ya vali na kuomba damu ioteshwe maabara kabla hajameza kiuavijasumu chochote, kwa kuwa hata kapsuli chache zaweza kuwaficha bakteria hao wasionekane. Na kwa siku zote zilizobaki, mswaki mara mbili kwa siku na fizi zisizotoka damu humkinga kuliko dozi ile ya siku moja.