Simu ya Kuazima Inapogeuka Kuwa Simu ya Wizi

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa katika vituo vya mpakani, lipo moja ambalo mara nyingi huletwa kwa haya. Mlalamikaji husema, "Simu yangu haikuibwa, niliitoa kwa mkono wangu." Kwa sababu hiyo huona kwamba hana kesi, na aliyeichukua naye hujitetea kwa maneno hayohayo. Tunapenda kueleza kwa nini wote wawili wanakosea, na ni wakati gani hasa kuazima hugeuka kuwa wizi.

Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda inautambua wizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kitu cha mtu kwa hila, bila kuwa na haki juu yake. Ya pili ni kukigeuza kwa hila kitu cha mwenzako kiwe kwa matumizi yako au ya mtu mwingine. Katika njia hii ya pili, haidhuru kitu hicho kilifika mikononi mwako kwa halali. Ulipewa kwa ridhaa, na siku ile ulikuwa mwazimaji mwaminifu. Wizi ulianza saa ulipoamua moyoni kwamba hukirudishi, ukatenda jambo la kuutimiza uamuzi huo. Wakazi wa ng'ambo wasidhani kwamba kwao mambo ni tofauti. Kifungu cha 268 cha sheria ya Kenya na kifungu cha 258 cha sheria ya Tanzania vinasema karibu maneno hayohayo, kwa kuwa sheria za nchi hizi tatu zilitokana na mtindo mmoja wa utawala wa Waingereza.

Tuchukue mfano kutoka mji wa Busia, ambao umekaa pande mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Mama muuza nyanya upande wa Uganda anamwazima simu kijana mwendesha bodaboda ambaye simu yake imeharibika. Ni siku ya Ijumaa, na wamekubaliana airudishe Jumapili jioni. Jumapili kijana anapiga na kuomba siku moja zaidi. Jumatatu hafiki. Jumanne, akiwa bado upande wa Uganda, anaitoa laini ya mama, anaweka yake, na kubadilisha neno la siri. Jumatano anavuka na kuiweka simu rehani kwa mwenye duka upande wa Kenya, akipokea shilingi 3,000 za Kenya. Alhamisi mama anamkuta stendi, naye anajibu, "Simu gani?"

Hadi Jumatatu hapakuwa na wizi. Kuchelewa, kusahau, hata kuvunja ahadi ni kosa la uungwana, na huenda likazaa deni, lakini si jinai. Vivyo hivyo kama simu imeanguka majini au imeibwa mikononi mwa mwazimaji naye akasema kweli: atadaiwa fidia, lakini hakuwa mwizi. Mtu anayeamini kwa moyo safi kwamba ana haki ya kukaa na kitu hicho, naye sheria haimwiti mwizi. Ikiwa imani hiyo ni ya kweli au ni kisingizio, mahakama ndiyo hupima.

Mambo yalibadilika Jumanne. Nia ya mtu haionekani kwa macho, kwa hiyo mpelelezi huisoma katika matendo. Kuitoa laini ya mwenyewe na kubadilisha neno la siri ni matendo ya mtu anayejifanya mwenye mali. Rehani ya Jumatano na kukana kwa Alhamisi vinauthibitisha uamuzi huo.

Hapa kijana huleta utetezi tunaousikia mara kwa mara: "Sikuiuza. Nilikusudia kuikomboa mwisho wa mwezi." Utetezi huo haumwokoi. Sheria inataja kwa wazi kwamba nia ya kukitumia kitu cha mwenzako kama rehani ni nia ya wizi, sawa na nia ya kumnyima moja kwa moja. Inataja pia nia ya kukitoa kwa sharti la kurudishwa ambalo huenda mtoaji akashindwa kulitimiza. Asiye na shilingi 3,000 leo hana hakika kwamba atakuwa nazo mwisho wa mwezi. Amecheza kamari kwa mali ya mama muuza nyanya.

Mwenye duka naye hayuko salama. Katika nchi zetu ni kosa kupokea au kukaa na mali iliyoibwa nchi nyingine, ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Simu isiyo na boksi wala risiti, inayotolewa kwa fedha kidogo na mtu asiyeweza kuonyesha picha zake ndani yake, ni sababu ya kutosha ya kuuliza maswali.

Sasa mama afanye nini? Kwanza, aifunge laini yake kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo anapoona dalili, kwa maana fedha zilizomo katika laini huenda zikazidi bei ya simu yenyewe. Pili, amtake kijana airudishe simu kwa ujumbe wa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, akitaja siku na saa. Ombi lililo wazi likifuatwa na ukimya au uongo, huwa ushahidi mzito kuliko ugomvi wa stendi. Tatu, afike kituoni na mashahidi, risiti kama anayo, na namba ya IMEI, ambayo ni tarakimu 15 za kuitambulisha simu. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi, na huonekana ukibonyeza *#06#. Tunawasihi muinakili leo, simu ingali mkononi, kwa kuwa laini hubadilishwa kwa dakika moja, lakini IMEI hubaki ndani ya simu. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi.

Ikiwa mama anataka mali yake tu na hana haja ya kumshtaki mtu, baraza la mahakama la LC 1 lina uwezo wa kusikiliza dai la madai la mtu aliyezuiliwa mali yake. Kosa la wizi lenyewe, hata hivyo, si la baraza. Ni la polisi na mahakama.

Jambo moja tunalikataza. Mama asikusanye vijana wavuke kwenda kuichukua simu dukani kwa nguvu. Sisi wenyewe hatuna mamlaka ya kumkamata mtu ng'ambo ya mpaka. Tunachofanya ni kuwaandikia wenzetu wa upande wa pili, tukiambatisha maelezo na IMEI, nao huichukua simu kwa sheria yao. Njia hiyo huenda ikachukua siku kadhaa, lakini anayevamia duka huondoka akiwa mshtakiwa badala ya mlalamikaji.

Na wewe uliye na simu ya mwenzako mfukoni, siku ya ahadi ikiwa imepita, ujue kwamba mlango bado uko wazi. Mpigie mwenyewe, mweleze ukweli, uirudishe. Ukishaitoa laini yake na kuiweka rehani, kuirudisha baadaye huenda kukapunguza adhabu, lakini hakufuti kosa.