Barua ya Kuomba Kurudiana: Kukiri Kwanza, Ombi Baadaye

Mtu anayetaka kurudiana na mtalaka wake mara nyingi huanza kuandika akiwa na shida moja moyoni: asikike. Basi hujaza karatasi nzima kwa maumivu yake. Halali, hali, dunia imemgeuka, watoto wanamuulizia mama yao. Anayeisoma anabaki na mzigo wa kumtuliza aliyemuumiza, ilhali jeraha lake mwenyewe halijatajwa popote. Barua ya namna hiyo ni ya kubembeleza, na huzaa mojawapo ya mambo mawili. Huenda mwanamke akarudi kwa huruma, na huruma haikai muda mrefu. Au atafunga mlango kabisa.

Tuchukue mfano. Mume na mke wa Tanga, watoto wawili, waliachana kwa talaka moja, na eda imekwisha. Mke yuko kwa kaka yake Muheza. Chanzo ni hela ya upatu, shilingi laki nne na nusu, aliyokuwa ameiweka anunue cherehani. Mume aliichukua akampa mdogo wake bila kusema. Mke alipouliza, akajibiwa mbele ya mama mkwe kwamba hela zote za nyumba hiyo ni za mwanamume. Maneno yakazidi, talaka ikaandikwa usiku huohuo.

Tuseme mume anaanza kuandika hivi: “Mahabuba wangu wa moyo, naomba radhi kwa yote yaliyotokea. Kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe. Sote ni binadamu, tusameheane. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Siwezi kuishi bila wewe.”

Kiswahili chake ni kizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. “Yaliyotokea” halina mtendaji. Ni kana kwamba hela ilitembea yenyewe. “Kama nilikukosea” linamrudisha mke kizimbani athibitishe kuwa ameumizwa. “Tusameheane” linamgawia nusu ya kosa asilolifanya. Methali nayo ina mwenye haki ya kuitamka: aliyeumizwa anaweza kusema yaliyopita si ndwele, lakini ikitoka kwa aliyeumiza inakuwa amri ya kunyamaza.

Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichapisha utafiti uliopima sehemu sita za kuomba radhi: kujuta, kueleza sababu, kukubali kosa, kuahidi kubadilika, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Kukubali kosa ndiko kulikokuwa na uzito mkubwa kuliko vyote, kukifuatiwa na kujitolea kurekebisha. Kuomba msamaha wenyewe kulishika nafasi ya mwisho. Utafiti huo ulihusu mambo ya kazi, kwa hiyo usichukuliwe kama kipimo cha ndoa. Hata hivyo mpangilio wake unafaa barua yetu: kukiri kutangulie, marekebisho yafuate, na ombi liwe fupi.

Jambo la pili ni lugha. Wako wanaompa kijana msomi awaandikie, barua ikatoka na “Yah: Ombi la kurejesha mahusiano”, kama ya kuomba likizo. Wengine huazima maneno ya taarabu. Zote mbili hazisikiki kama sauti ya mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kila jioni. Andika kama mlivyokuwa mkizungumza mambo mazito, mkiwa wawili. Kama kati yenu mlizungumza Kisambaa, andika Kisambaa. Kama mlichanganya, changanya vilevile.

Namna ya kumwita pia ina mpaka wake. Mume huyu alikuwa akimwita mkewe “mwenzangu” kila siku, na “mahabuba” faraghani. La faragha limekwenda na ndoa. Akilitumia leo anajichukulia asichopewa. “Mwenzangu” ni jina la mezani na la shida, na watu waliolea watoto pamoja bado wanaweza kuitana hivyo. Jina lake kavu, ambalo hakulitumia hata siku moja, lingesikika kama hasira.

Kabla ya kuandika, arudishe hela. Hili linatangulia barua, kwa sababu fidia inayosubiri jibu huonekana kama chambo. Kisha aandike kwa mkono, ukurasa mmoja:

“Mwenzangu, salaam.

Nilichukua hela yako ya upatu nikampa mdogo wangu bila kukuuliza. Nilijua ni ya cherehani. Uliponiuliza, nilikwambia mbele ya mama kwamba ni yangu. Haikuwa yangu. Nilikudhalilisha, kisha nikaandika talaka kwa hasira badala ya kukaa tukazungumza.

Laki nne na nusu nimemkabidhi kaka yako. Ni yako, jibu lako liwe lolote. Mama nimemweleza ukweli, kwamba hela ilikuwa yako. Matumizi ya watoto nitaendelea kuyaleta kila mwezi.

Natamani turudiane. Najua eda imekwisha, na njia iliyopo ni ndoa mpya kwa ridhaa yako. Ukipenda tuzungumze, nitakuja kwa kaka yako siku utakayoipanga wewe. Ukiona hapana, nitaliheshimu hilo, na sitamtuma mtu kukusukuma.”

Tazama vitenzi: nilichukua, nilijua, nilikudhalilisha, nikaandika. Kila kosa lina mwenyewe. Sababu za kumpa mdogo wake hela hazimo; zitaelezwa zikiulizwa, maana ndani ya barua zingesomeka kama utetezi. Ombi ni sentensi moja, halina kiapo wala machozi, lakini halikufichwa. Kujishusha hakumaanishi kuogopa kusema unachotaka.

Suala la eda halikuwekwa kwa mapambo. Katika talaka rejea, mume anaweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya wakati eda haijaisha. Ikishakwisha, kunahitajika ndoa mpya, mahari mapya na ridhaa ya mwanamke. Anayetaja hivyo anaonyesha anajua uamuzi umehamia wapi. Kama hesabu ya talaka au eda ina utata, aende kwa kadhi kabla ya kuandika, asije akaomba jambo lisilowezekana.

Barua ipelekwe na mtu mmoja ambaye mke anamwamini, ikiwa imefungwa, na mjumbe asiongeze maneno yake. Baada ya hapo ni kusubiri kweli. Ujumbe wa simu wa “umeipata?” unageuza barua yote kuwa shinikizo, na shangazi watatu wakipishana mlangoni ni shinikizo kubwa zaidi. Kimya nacho ni jibu, na barua ya pili haistahili kuandikwa.

Ziko hali ambazo hata hii ya kwanza haifai. Kama kulikuwa na kipigo, kama mwenzako amesema asitafutwe, au ameshaolewa kwingine, usiandike. Mambo ya watoto yapitie kwa wazee au ustawi wa jamii.

Ukimaliza kuandika, isome tena ukijiuliza swali moja: akijibu hapana, je, kila sentensi iliyomo itabaki kuwa kweli? Hela itabaki kuwa yake, mama atabaki anaujua ukweli, matumizi ya watoto yatakwenda. Sentensi yoyote inayotegemea ndiyo yake ili iwe kweli, ifute kabla hujaifunga bahasha.